Miiba ya Mlangoni na Radio ya Jirani

Nilitoka Mombasa kwa basi, nikalala Mwingi kungoja lori, na lori likakwama kwenye mchanga mara mbili. Nilipofika Tseikuru, mama hakuniuliza habari za safari. Alisema tu, "Mdogo wako wanataka kumnyonga."

Mdogo wangu alikuwa ameingia mchana katika nyumba ya jirani yetu, mjane tuliyezoea kumwita susu, yaani bibi. Susu alirudi kutoka mtoni akamkuta ndani na radio. Mdogo wangu akamsukuma, akakimbia. Susu alivunjika mkono.

Kwenye korido ya korti ya Kitui, inspekta aliyeendesha mashtaka alinieleza bila hasira. "Alipoinyanyua radio kutoka mahali pake kwa nia ya kwenda nayo, huo ni wizi tayari, hata kama hakutoka nayo."

"Lakini hakuvunja kitu," nikasema. "Aliondoa miiba tu." Kwetu, mtu akienda mtoni huziba mlango kwa tawi la miiba.

"Miiba iliwekwa ya nini, bwana? Ya kuziba. Kuiondoa uingie kuiba ni kuvunja nyumba. Shukuru ilikuwa mchana. Ingekuwa usiku, ni kosa lingine, na kifungo chake ni kirefu zaidi."

"Na kunyongwa kunatoka wapi?"

"Akimpiga mwenye mali ili aipate au asinyang'anywe, huo ni unyang'anyi. Na kwa kuwa amemuumiza, ni unyang'anyi wa kutumia nguvu. Adhabu yake unaijua."

Basi kila kitu kilining'inia kwenye jambo moja: alipomsukuma susu, radio ilikuwa wapi? Mama alikuwa akiomba kwa sauti ya chini susu asahau. Niliona aibu, kwa sababu nami nilikuwa nikiomba vivyo hivyo.

Susu hakusahau lolote. Alisimama mbele ya hakimu, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akasema Kikamba, karani akatafsiri.

"Aliponiona aliiweka juu ya mtungi. Polepole, kama ya kwake."

Watu wakacheka. Hakimu akauliza, "Halafu?"

"Nikasimama mlangoni, nikamwambia, leo nitamwita baba yako kutoka kaburini. Ndipo akanisukuma apite."

"Alirudi kuichukua?"

"Radio? Aliitazama hata? Alikuwa anatafuta njia."

Hakimu alisema mdogo wangu hakumsukuma susu ili apate radio wala ili abaki nayo, basi si unyang'anyi. Akamfunga kwa kuvunja nyumba, kwa wizi, na kwa kumuumiza susu. Mama alilia kwa furaha mbele ya watu, na susu yuko pale pale, mkono umefungwa. Sikujua niangalie wapi.

Asubuhi niliyoondoka Tseikuru, lori lilikuwa lipite mbele ya boma la susu. Mama aliniomba nizunguke nyuma ya vilima, susu asinione, nilidandie mbele. Nilizunguka. Sikurudi tena kuishi kule.