Kadar Alivyombloki Weris

Jenereta ya kisima cha Tarbaj ilizimika Jumatatu, ngamia wakiwa tayari kwenye foleni. Fundi alikuta oili imekauka. Kuibadilisha ilikuwa kazi ya Kadar, msimamizi wa visima upande ule, na tarehe yake ilikuwa imeshapita.

Garissa, kwenye ofisi ya shirika la maji, meneja Abdiwali alimwita Weris. "Huo mtambo wako si ndio wa kuwakumbusha watu?"

Weris ndiye aliyeandika skripti, programu ndogo iliyofanya kazi ndani ya Sheets, jedwali la mtandaoni ambamo kazi za visima ziliorodheshwa. Kila asubuhi ilipitia kazi zote. Ikiona zimebaki siku tatu au pungufu kabla ya tarehe ya kazi, inamtumia mhusika barua pepe na kuandika kwenye ukurasa wa pili saa, anwani na jina la kazi. Alimfungulia bosi ukurasa huo. Anwani ya Kadar ilikuwa pale pamoja na kazi ya oili, asubuhi baada ya asubuhi.

"Basi Kadar anadanganya," Abdiwali akasema.

Weris akampigia Kadar simu kwa hasira. "Kadar, barua zangu unazipeleka wapi?"

"Wallahi abaayo, dada yangu, sijaona barua ya oili."

"Zimetumwa!"

"Zako nilizibloki. Tangi lililovuja nililiziba zamani, nikaandika kwenye shiti. Kila siku unaniambia nilizibe. Nilichoka."

Weris alifungua mstari wa tangi. Kwenye safu ya hali Kadar alikuwa ameandika "Tayari". Skripti ilijua neno moja tu la kuinyamazisha: "Imekamilika". Akashuka mistari ya chini. Mwingine aliandika "Done", mwingine "Nimemaliza". Wote walikuwa wakisumbuliwa kwa kazi walizokwisha kuzifanya, na kwa kuwa skripti ilituma kwa akaunti yake, ni yeye waliyemchukia. Ukurasa ule wa pili ulionyesha kwamba barua zimeondoka. Kama kuna aliyezisoma, haukujua.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilijibu mara mbili. Hukusoma."

Majibu yalikuwepo kweli, yamefukiwa chini ya barua nyingine. Weris alitamani kuitupa ile kompyuta dirishani.

Mchana huo aliondoa uhuru wa kuandika neno lolote: safu ya hali ikawa na maneno ya kuchagua tu. Akasahihisha mistari ya zamani, akamwomba Kadar amwondolee bloki. Tarbaj walipata maji Jumatano, gari lilipofikisha oili. Wafugaji wawili walikuwa wameshaondoka na mifugo yao, wakilaani shirika.

Abdiwali alisikiliza maelezo yote akiangalia simu yake. "Sawa," akasema. "Sasa iweke itume asubuhi na jioni."

"Sitaiweka."

"Unasema?"

"Bosi, watanibloki wote," Weris akasema, na akatoka kabla hajasema lingine.