O Positive na Kikombe cha Uzi Mwekundu

Mimi nilizaliwa nikishuku. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata maziwa niliyokama kwa mikono yangu mwenyewe, lazima niyanuse kwanza. Kwa hivyo mume wangu alipoingia nyumbani jioni moja na karatasi inayosema githeri, yale mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, ni sumu mwilini mwake, nilishuku kabla hajamaliza kuvua viatu.

Tulikuwa tunakaa Skuta, hapo Nyeri, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa karibu na dirisha la mbele, mahali pa kuona anayepita na anayepitwa. Yeye alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu mpole, mwenye vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Dawa zake za tumbo zilikaa kwenye mkebe wa kahawa juu ya kabati.

"Kuna mtaalamu wa damu amefungua ofisi mjini," akaniambia. "Ati kila grupu ya damu iko na chakula yake. Mimi ni O. O ni watu wa nyama. Mahindi, maharagwe, maziwa, hizo ndizo zimenimaliza tumbo."

"Na babako, aliyekula githeri miaka themanini, alikuwa grupu gani?"

"Wewe cheka tu."

Akaibandika ile karatasi ukutani, kando ya kalenda. Akaacha githeri, akaacha chai ya maziwa. Akaacha na dawa za tumbo pia, kwa sababu mtaalamu alimwambia zinachafua damu. Dawa za maumivu ya goti hakuacha. Hizo alizinunua dukani kama peremende, na karatasi haikuzitaja.

Nilienda kumwona huyo mtaalamu kwa macho yangu. Alikuwa na chumba juu ya duka la mbolea. Zamani alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Nanyuki, na mgeni mmoja aliyeondoka alimwachia kitabu cha ng'ambo kuhusu damu na chakula. Alikuwa amekitoa kopi ukurasa kwa ukurasa mpaka maandishi yakaanza kufifia. Nikamwambia sijui grupu yangu. Akaniangalia usoni, akaangalia na kucha zangu.

"Wewe ni A," akasema. "Unaonekana. A ni watu wa mboga, na ni watu wa wasiwasi."

Kuhusu wasiwasi hakukosea. Nilitoka pale nikijua ni tapeli, lakini wasiwasi wangu ulikuwa umeshaanza kuelekea kwingine. Mbona mume wangu, mtu wa hesabu, amwamini mtu wa aina hii?

Halafu akaanza kukonda.

Aliyeishi miaka ile anajua kukonda kulimaanisha nini. Mtu akipungua kidogo tu, watu walianza kuhesabu aliowahi kutembea nao. Ugonjwa wenyewe haukutajwa, uliitwa "huu ugonjwa" au "mambo ya siku hizi." Na wagonjwa walishauriwa wale vizuri, nyama na mayai. Nikaunganisha mambo kama ninavyounganisha kola na shati. Anakonda, anakula nyama, na ameleta hadithi ya damu ili nisiulize. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jumamosi moja nilikuwa nashona bitana ya koti lake, mfuko ulikuwa umetoboka. Ndani ya bitana nikapapasa kitu kigumu. Nikakivuta. Ilikuwa kadi ndogo ya hospitali, jina lake, tarehe ya miezi miwili nyuma, na chini, kwa kalamu nyeusi: O POSITIVE.

Haiya! Nilikaa na sindano mkononi sijui kwa muda gani. Neno hilo tulikuwa tumefundishwa kwenye semina ya kanisa kuhusu huu ugonjwa. Negative, mshukuru Mungu. Positive, basi. Kadi ilikuwa imefichwa kwenye bitana, kwa nini? Sikufikiri kwamba mfuko uliotoboka huangusha vitu wenyewe. Mtu wa kushuku hafikirii mfuko.

Sikumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliirudisha kadi, nikashona bitana, halafu nikachukua uzi mwekundu nikaufunga kwenye mkono wa kikombe kimoja. Hicho kikawa chake. Sahani yake nikaiweka rafu ya juu, kijiko chake kando. Semina hiyo hiyo ilikuwa imetuambia ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe, tena tulipiga makofi. Hofu haikumbuki makofi. Nikahamia kitanda cha mtoto wetu, aliyekuwa na miaka mitano, nikisingizia baridi. Siku moja mtoto akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya babake, nikampiga mkono. Babake akanitazama, akatazama ile karatasi ukutani, akaendelea kula.

Usiku nililala nikijihesabia. Kama yeye anao, mimi pia ninao. Na mtoto atabaki na nani? Nilimchukia mume wangu, nakwambia ukweli. Nilimchukia huku nikimpigia pasi mashati.

Mwezi wa saba, Nyeri ikiwa imefunikwa na ukungu, alianza kushikilia kuta akitembea. Midomo ikawa kama karatasi. Nikasema, ndio huo ugonjwa unammaliza. Hata sikumuuliza unaumwa wapi. Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, nikasikia kishindo chooni. Nilimkuta ameanguka, na alichokuwa ametoa kilikuwa cheusi tii kama lami, na harufu yake sitaisahau.

"Usiogope," akasema kwa sauti ya mbali. "Mtaalamu alisema ni uchafu unatoka. Imekuwa hivyo wiki tatu."

Jirani alituchukua kwa pikapu yake. Hospitalini, daktari alimfunua kope, akamuuliza kuhusu choo, akageuka kwangu: "Mama, huyu anavuja damu tumboni. Ile nyeusi ni damu iliyopita kwenye matumbo. Ameishiwa damu. Tunahitaji watu wa kutoa sasa hivi, na kipimo kinasema yeye ni O, anapokea O peke yake. Wewe ni grupu gani?"

"Niliambiwa A."

"Na nani?"

Shemeji yangu alikuwa ameshatumiwa habari, lakini alikuwa mbali, Kiriaini, na daktari hakutaka kungoja.

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye kigae cheupe mezani. Mama wa maabara, mtu wa Meru mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinidunga kidole, akaweka matone matatu kwenye kigae, kila tone akalitilia dawa yake, akachanganya kwa kijiti, akakitikisa kigae polepole. Tone la kwanza likabaki laini. La pili laini. La tatu likashikana vidonge vidonge, kama maziwa yaliyokatika.

"Hii ni ya A, haijashika. Hii ni ya B, haijashika. Kwa hivyo wewe si A, mama. Wewe ni O." Akaandika kadi, akanipa. "Shika."

Nikaisoma. O POSITIVE.

Nilikaa chini, sakafuni pale, na nguo yangu ya kanisani. "Ameniua," nikasema. "Ngai, ameniua na mtoto wangu."

Mama yule alivua miwani. Alinitazama, akatazama kadi, akashika mdomo. "Mama, unasoma nini hapo?"

"Positive."

"Wangapi wamelia kwa hiyo sakafu!" Akaketi kwenye stuli, akaninyanyua kwa mkono. "Sikia. Hiyo positive ni ya hili tone la tatu. Inaitwa Rhesus. Ni alama tu iko kwa damu, kama vile wewe uko na masikio. Karibu watu wote hapa wako nayo. Haina uhusiano na ugonjwa wowote. Ile kipimo unafikiria ni ingine kabisa, na hatuiandiki kwa hii kadi. Nitaifanya kwa damu yako kabla bwanako hajapewa, kwa sababu ni lazima. Damu isiyofaa haipandi wadi. Umeelewa?"

Nilielewa, na sikuamini. Nililala kwenye kitanda cha maabara, akanitoa damu. Halafu nikakaa kwenye benchi ya nje, macho kwenye mlango wa maabara. Ndani, mama yule aliipima, akaichanganya na ya mume wangu kuona kama zinapatana. Mlango ukafunguka. Mama wa Meru alipita mbele yangu amebeba mfuko mwekundu wenye namba yangu, akipanda ngazi za wadi. Aliinua kidogo nione.

Nililia kwa sauti mpaka watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Baadaye shemeji naye alitoa. Mume wangu alipopata rangi kidogo, alinieleza mwenyewe ile kadi. Mtaalamu alimwambia aje akijua grupu yake, basi siku watu wa hospitali wanaokusanya damu walipokuja ofisini kwao, alijitolea ili apate kadi. Waliuliza kama ana ugonjwa wowote, akasema hana. Mtu mwenye vidonda tumboni, akaenda kujipunguza damu kwa mkono. Kadi aliitafuta wiki nzima ikampotea.

Nilimuuliza daktari kama basi kuna ukweli wowote kwenye hayo mambo ya O.

"Kidogo, na si kama mnavyoambiwa," alisema. "Watu wa O wanapata vidonda vya tumbo mara nyingi kidogo kuliko wengine. Wa A wanapata kansa ya tumbo kidogo zaidi, na wasio O damu yao huganda upesi kidogo. O pia husaidia kidogo malaria isiwe kali. Ni kidogo, kidogo. Wengi wa O hawapati kidonda maisha yao yote, na A na B wanapata pia. Haikuambii ule nini. Kwa mumeo kuna kijidudu tumboni, na hizo dawa za goti. Ameacha dawa ya tumbo akabaki na za kumchoma."

Nilienda juu ya duka la mbolea na kadi yangu. Nilimwambia, "Ulisema mimi ni A." Hakupepesa macho. Akasema damu hubadilika na chakula. Damu ya mtu haibadiliki kwa sukuma wiki, nikamwambia, na mengine niliyomwambia siyaandiki. Mwezi uliofuata chumba kilikuwa cha kinyozi.

Watu wa kanisa walikuja kumwona mume wangu alipotoka hospitali. Nilikuwa nimeng'oa karatasi ukutani. Nilikuwa nawamiminia chai, na makasi mfukoni, nikingoja waondoke nikate ule uzi. Yeye akainua kile kikombe juu wote wakione.

"Nyinyi mnaona huyu mama?" akasema. "Hakuamini mambo ya yule mtu hata kidogo. Lakini alinitengea kikombe, sahani, kijiko, ndiyo chakula yangu isiguse ya mahindi. Hata mtoto alimkataza. Mwingine angenicheka. Yeye aliniheshimu."

Wakanipigia makofi. Nilishika birika kwa mikono miwili.

Walipoondoka nikatoa makasi. "Wacha," akasema. "Usikate. Ndiyo najua hii ni yangu."

Sikukata. Sikumwambia pia. Nimekiosha kikombe hicho kila siku, na uzi ulipochakaa ukakatika, aliniletea kikombe pale kwenye cherehani, akachagua rangi ile ile, akasimama akingoja nimfungie.