Safu ya Sita

Lenah Shiundu hufungua saiba yake saa moja na nusu asubuhi, na kazi yake ya kwanza ni kupangusa kioo cha kila kompyuta. Kompyuta ni nne na printa ni moja. Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka la vipuri, mwendo mfupi kutoka barabara ya Jogoo upande wa Makadara. Ana miaka arobaini na minane. Alifika kidato cha nne, akafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya Industrial Area, na ofisi ilipofungwa alinunua kompyuta yao kuukuu akaanza nayo.

Watu wanamjua kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba hapotezi kitu, iwe ni karatasi, wino au bando la intaneti. La pili ni daftari lake. Kila kosa linalotokea pale ndani huliandika pamoja na tarehe: "Karatasi imekwama, rimu ilikaa sakafuni ikanyonya unyevu. Iwekwe juu ya kabati." Mwishoni mwa daftari hilo kuna orodha nyingine, ya watu aliowafungulia barua pepe kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka juzi walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

Wa themanini na tisa katika orodha hiyo ni Wesonga.

Wesonga ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaishi Mukuru kwa Njenga. Miaka kumi na tisa ametengeneza milango, madirisha na matangi katika viwanda vya jirani, na muda wote huo ameandikwa kibarua kwa sababu hana cheti. Mwaka huu alisikia kwamba kituo kimoja cha ufundi kinawapima mafundi wa mtaani kwa kazi ya mikono yao, na anayefaulu hupewa cheti bila kurudi darasani. Lenah ndiye aliyemjazia fomu kwenye kompyuta na kuipachika picha yake ya pasipoti. Jibu lilikuja kwa barua pepe: aje siku ya Jumanne, abebe barua hiyo ikiwa imechapwa kwenye karatasi, kamili.

Jumatatu jioni Lenah aliichapa. Jumanne Wesonga akaenda. Na Jumatano, saa mbili kasoro robo asubuhi, alikuwa amesimama tena mlangoni mwa saiba akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi.

"Umefaulu tayari?" Lenah aliuliza.

"Sikuingia, dada." Alitoa karatasi mfukoni akaiweka mezani. "Askari wa langoni ameniambia hii si barua, ni kipande cha barua. Haina picha yangu, haina kile kimraba cha kupigwa na simu, na hajui naingia karakana gani."

Millicent, anayeuza viatu vya mitumba hapo nje, alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja nakala ya kitambulisho chake. Aliinua shingo akachungulia.

"Woi, Lenah! Umempatia nusu karatasi kama chapati ya kugawana?"

"Nyamaza kidogo, Millicent."

"Mimi nimenyamaza. Hiyo karatasi ndiyo inaongea."

Wesonga hakucheka. "Walinihurumia. Wamesema leo ndiyo siku ya mwisho ya kupima, niwe langoni kabla ya saa tano. Nikikosa, jina langu linatoka na nitangoja mwaka ujao, kama watapima tena."

Lenah aliivuta karatasi chini ya taa. Jina la Wesonga lilikuwapo, na namba yake. Chini yake kulikuwa na jedwali: namba, jina, fani, tarehe, saa, kisha herufi tatu, "KAR", na karatasi ikaishia hapo. Mahali pa picha palikuwa na vijisanduku vitatu vyeupe, kila kimoja na alama ndogo pembeni. Alikumbuka jioni ile. Watu walikuwa wamejaa, aliona jina liko juu na ukurasa ni mmoja, akaridhika.

"Kaa hapa karibu nami," alimwambia Wesonga. "Weka neno lako la siri, tuitazame ilikotoka."

Wesonga alibonyeza herufi moja moja kwa kidole chenye kovu la moto. Barua ilifunguka, na hata pale kwenye kioo vijisanduku vilikuwa vitupu.

"Basi ni wao hawakutuma picha," Millicent alisema. Alikuwa ameshahama benchi.

Lenah alitaka sana iwe hivyo. Lakini juu ya barua kulikuwa na mstari mdogo wa maandishi, wa kijivu, unaosema kwamba picha hazijaonyeshwa. Mstari huo alikuwa ameuona kila siku kwa miaka, kwenye barua za watu wengi, hadi jicho lake likawa linauruka. Na aliyeuweka alikuwa yeye.

Miaka ile alipoanza, intaneti yake ilikuwa ya bando, na barua moja yenye picha za matangazo iliweza kumaliza bando la asubuhi nzima. Kwa hiyo kila alipomfungulia mtu barua pepe, kabla ya kumkabidhi, aliingia kwenye mipangilio akachagua picha za kutoka nje zisifunguke mpaka mwenyewe aombe. Aliwafanyia wote. Picha za namna hiyo haziji ndani ya barua. Hukaa kwenye kompyuta ya aliyeandika, na barua huenda kuzichukua inapofunguliwa. Zikizuiwa, hazionekani kwenye kioo, na kisichoonekana kwenye kioo hakifiki kwenye karatasi. Sasa ni miaka miwili tangu aunganishiwe intaneti ya waya isiyohesabiwa, na hakuwahi kurudi nyuma kuwafungulia watu wake.

"Fundi," alisema polepole, "kituo hakina kosa. Kosa ni langu. Nilizizuia picha kwenye barua pepe yako mimi mwenyewe, nikiokoa bando."

Wesonga alimtazama, kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika tano. "Inafunguka?"

"Inafunguka."

Aliingia kwenye mipangilio ya barua pepe ya Wesonga, akachagua picha zionyeshwe siku zote, akahifadhi. Akaifungua barua upya. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kuchapa, akaurudisha. Picha zilikuwa bado zinashuka, na ukichapa kabla hazijafika unapata vijisanduku vilevile. Ikatokea nembo ya kituo, kisha uso wa Wesonga, amekaza taya, na pembeni yake kimraba cha vidoadoa vyeusi.

"Ati huyu ni wewe?" Millicent alisema. "Unaonekana kama mtu anayedai kuku wake."

Hapo Wesonga alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile.

Lakini upande wa kulia ulikuwa bado haujapona. Lenah ana desturi ya kuhifadhi kila kitu kama PDF kwanza, akifungue akisome, ndipo apeleke kwenye printa, kwa kuwa faili haili karatasi. Alipofungua dirisha la kuchapa, sampuli ilionyesha picha zote, na jedwali likiwa limekatika palepale: "KAR". Alishuka kwenye mipangilio ya ziada. Kipimo cha ukubwa kilikuwa asilimia mia moja na thelathini.

"Mzee Irungu," alinong'ona.

Irungu ni mzee wa kwaya ambaye kila Jumatatu na Jumatano huja kuchapiwa maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho. Kompyuta hukumbuka mipangilio ya mwisho iliyopewa. Barua ya Wesonga ilifuata nyuma ya nyimbo za Irungu, ikavishwa nguo yake.

Alikirudisha kipimo kuwa mia moja. Safu ya sita ikasogea ndani, lakini neno "Karakana" bado lilikosa mkia, na jibu lililokuwa chini yake halikuonekana.

"Sasa imekataa nini tena?" Wesonga aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ulishawahi kuletewa bati refu kuliko meza yako?"

"Kila siku."

"Unafanyaje?"

"Nageuza meza. Bati silikati mpaka nijue."

"Basi. Hili jedwali lililetwa na upana wake, lilipimwa kwa kioo cha kompyuta. Halienei kwenye karatasi iliyosimama."

Alichagua karatasi ilale. Jedwali likaenea lote, ingawa mstari wake wa mwisho ulikuwa karibu sana na ukingo, na printa yake ya zamani haifiki ukingoni. Akapunguza kipimo hadi themanini na tano. Akathibitisha kwamba karatasi iliyochaguliwa ni A4, ile iliyomo ndani ya printa. Akahifadhi PDF, akaifungua, na safari hii hakutazama jina. Aliweka kidole kwenye kioo akahesabu kwa sauti, kushoto kwenda kulia: namba, jina, fani, tarehe, saa, karakana. Safu sita. Chini ya ya sita iliandikwa "B, mlango wa nyuma". Picha zilikuwa tatu, pamoja na nembo.

Printa ikanguruma. Karatasi ilipotoka, Lenah alizihesabu safu tena. "Millicent, nikopeshe simu yako."

"Unataka kumpigia nani?"

"Hakuna. Piga hiki kimraba picha tuone kama kinasomeka."

Millicent alielekeza simu yake. Ikalia kidogo, na kwenye kioo pakatokea namba ya Wesonga na jina lake kamili. "Mmesikia?" alisema. "Hata simu yangu inamjua sasa."

Lenah alichapa nakala ya pili, akaziingiza zote mbili kwenye mfuko wa plastiki. Wesonga aliingiza mkono mfukoni, Lenah akatikisa kichwa. Saa mbili na dakika ishirini na tano fundi alikuwa juu ya bodaboda, mfuko ameubana kifuani ndani ya ovaroli.

Baada ya hapo Lenah aliandika kwenye daftari. Aliandika kipimo kirudishwe mia moja kila baada ya nyimbo, picha zingojwe zishuke, safu zihesabiwe kwenye kioo na kwenye karatasi. Kisha akafungua kurasa za mwisho, kwenye yale majina mia mbili na kumi na mawili. Hakuwa na maneno yao ya siri, kwa hiyo hakuweza kuwafungulia peke yake. Alichukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema kwenye namba themanini na tisa, na kwenye kadi akaandika: "Kama nilikufungulia barua pepe mimi Lenah, niambie kabla hujachapa." Akaibandika juu ya printa.

Wesonga alirudi saa kumi alasiri. Nywele zake zilikuwa na vumbi la chuma na uso umewiva kwa joto. Aliitandaza karatasi juu ya meza. Pembeni kulia, karibu na neno "Karakana", kulikuwa na muhuri wa langoni, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Amepimwa."

"Walinipa nini nifanye, unajua?" alisema. "Kiungo cha wima, kuchomelea vyuma vikiwa vimesimama. Kile nafanya kila siku nikiwa juu ya ngazi. Yule mkaguzi alikipitishia kidole, akaita mwenzake aje atazame."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Majibu ni baada ya wiki tatu." Alitabasamu. "Yatakuja kwa barua pepe."

Lenah alitazama kalenda ukutani, akahesabu wiki, akaizungushia tarehe duara kwa kalamu nyekundu.

"Siku hiyo njoo asubuhi," alisema, "kabla ya Mzee Irungu."