Milioni Mbili za Sandukuni

Zambia walipokata sifuri tatu kwenye kwacha yao, ndipo nikachaguliwa mhazini wa chama chetu cha wauza mchele Tunduma. Mhazini aliyetoka alisoma makabidhiano mbele ya kamati mpya: benki shilingi laki nne, wanachama wanadaiwa laki moja, vitabu vitatu vya stakabadhi, na sandukuni kwacha milioni mbili.

Nilihesabu mara mbili. Noti zote za zamani.

“Mzee, hizi sasa ni elfu mbili.”

“Dada, nakabidhi nilichopokea. Saini.”

“Nikisaini, kesho mtanidai milioni mpya. Niuze nyumba?”

Mwenyekiti akasema milioni inapendeza zaidi kusomewa wanachama. Nikampa kalamu asaini yeye. Aliirudisha kama imemuunguza. Mzee akakata, akaandika elfu mbili, nikasaini.