Kilima Chote, Mama Hayumo

Mwalimu mkuu wa shule ya kwetu Bugarama alitaka picha ya kilima chetu chote, ijaze ukuta wa ofisi, na kila mtu aione nyumba yake. Picha moja ya kamera yangu ukiikuza kiasi hicho, nyumba inabaki doa. Kwa hiyo nilipanga kusimama kilima cha ng'ambo na lenzi ndefu, nipige vipande sitini safu kwa safu, kila kimoja kirudie theluthi ya mwenzake, kisha kompyuta iviunge.

Asubuhi ile nilipitia kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo ndiyo unatupiga? Nisimame wapi nionekane?"

"Wewe lima tu, mama. Mimi napiga kilima."

Akacheka, akachukua jembe. Sikuwahi kumpiga picha ya maana hata moja. Kinyozi hajinyoi, ndivyo nilivyokuwa nikijitetea, lakini ulikuwa uvivu mtupu.

Nilifunga kamera kwenye stendi, nikakaza mwanga na fokasi visibadilike, nikaanzia juu kushoto. Mawingu yalinichelewesha, maana kila yalipopita ilibidi ningoje jua lirudi. Mama naye alikuwa analima huku akisogea. Kompyuta ilipounga vipande ilimtoa vibaya: hapa mgongo bila kichwa, pale mguu peke yake. Nilikasirika kweli, kana kwamba ameniharibia makusudi. Nikaiamuru ifute vyote vilivyosogea, nayo ikachukua udongo mtupu kwenye kipande jirani, ikaziba pale alipokuwa. Mwalimu mkuu aliisifu sana. Diski yangu ilikuwa imejaa picha za harusi, nikavifuta vile vipande sitini.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Msibani shangazi aliniuliza mbele za watu, "Si wewe ndiye mpiga picha? Picha ya mama yako iko wapi?" Tulikuza ile ndogo ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu anayekaripiwa, ndiyo tukaiweka kando ya jeneza. Niliona aibu ambayo haijaniisha hadi leo.

Tangu hapo huwa nafungua picha ya kilima na kuikuza hadi mwisho. Kila kitu kimo. Naona mikungu kwenye migomba ya jirani, naona kanga ya mama kwenye kamba, naona mlango wa jiko alivyouacha wazi. Shambani, upande mmoja ni magugu, upande mwingine ni udongo mweusi uliotoka kupinduliwa, na mahali jembe lilipofikia panaonekana vizuri kabisa. Nimepatazama hapo mpaka macho yanauma, na hakuna mtu.

Aliniuliza asimame wapi, nami nikamwambia alime.