Garanti hakuna, atoke

Nikisikia watu wakisema kulipiza kisasi hakujengi, nacheka. Mimi kulinijengea. Parsele ya mji wa Baraka, kiwanja na nyumba yake, ingali yetu na batoto yangu wanasomea kodi yake, basi anayetaka kunihubiria aanze kwa kunirudishia miezi ile kumi.

Bwana yangu alipokufa aliniachia vyumba vitano huko Baraka. Vinne vya kupangisha, dola kumi na tano kila kimoja kwa mwezi, na cha tano alikuwa analala mudogo wake, semeki yangu. Mimi nilikuwa Lubondja na mihogo yangu na batoto watatu. Semeki akasema, "Kaa mulimo, mama. Mi nitakusanya." Nilimushukuru mpaka machozi. Mujinga mimi!

Kila mwezi alinitumia dola makumi ine pamoja na kaye, daftari la kodi. Kaye yake ilipendeza kweli, mistari imepigwa kwa rula: chumba, kodi, akonto, deni. Kila lokateri, kila mpangaji, ametoa kumi, amebakiza tano. Mwezi unaofuata deni ni kumi, kisha kumi na tano, kila mwezi likizidi. Kwenye chumba cha nne, cha mama mumoja Murundi mwenye kushona nguo sokoni, ambaye aliingia mwezi tuliomaliza matanga, semeki aliandika pembeni: "Garanti hakuna. Atoke."

Mwezi wa kumi wa kukusanya, alikuja Lubondja juu ya moto mupya, pikipiki inayong'aa, akakaa kwa baba mukubwa, mukubwa wa ukoo. Akafungua kaye. "Balokateri bana deni ya dola mia mbili. Nyumba haizai. Niko na muntu wa kuinunua, tuuzishe." Baba mukubwa akatikisa kichwa, akasema Jumamosi atateremuka Baraka na ukoo wote, waamue. Nyumba ya batoto yangu!

Sitadanganya: hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa balokateri. Niliteremuka Ijumaa na kaye mukononi, nikaanza na yule Murundi asiye na garanti. Nilimupigia kelele mulangoni mpaka jirani wakatoka. Akanisikiliza. Kisha akainua godoro, akatoa mufuko wa plastiki, na ndani yake kaye ndogo.

"Soma, mama. Mi minalipaka yote."

Kumi na tano, kumi na tano, mara kumi. Ukurasa wa kwanza: garanti ya miezi tatu aliyoweka alipoingia, dola makumi ine na tano. Na kila mustari una sinyatire ya semeki. "Kule kambi ya wakimbizi ya Lusenda," akasema, "tulijifunza: hauna karatasi, hauna kitu." Haya ilinishika. Nilimuomba pardon palepale, mbele ya hao jirani.

Vyumba vingine vitatu ni vilevile. Kila mutu na kaye yake ndogo, kila moja imesainiwa. Mbwa yule alisahau kwamba anayepokea pesa anaacha mukono wake kwa aliyelipa.

Jumamosi sikulia wala sikutukana. Niliacha aongee mpaka akamaliza, na nilifurahia kila neno. Kisha nikamupa baba mukubwa kaye ine ndogo, nikaweka ile kubwa kando. Akazisoma moja moja, kidole kikifuata mistari. Mimi nikafungua ukurasa mupya mbele yao, nikaandika kwa sauti: "Chumba cha tano. Lokateri: semeki. Alizokula za wengine, mia mbili. Garanti aliyoficha, makumi ine na tano. Kodi yake mwenyewe miezi kumi, mia moja na makumi tano. Deni: mia tatu makumi kenda na tano."

"Mi nilikuwa nalinda nyumba!" akalia.

"Nani alikuambia usilipe?" baba mukubwa akauliza. Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa miezi kumi.

Ukoo ukaamua nyumba ibaki na deni lilipwe; ile moto yake iliuzwa dola mia tatu. Kati ya hizo, makumi ine na tano nikaiweka kando, maana garanti si yangu, ni ya yule mama siku atakayotoka. Deni iliyobaki, makumi kenda na tano, alilipa akonto, kidogo kidogo, juu ya kodi ya kila mwezi, kwa franka zilizokunjamana, na mimi nilizihesabu polepole kwa taux, bei ya dola ya siku ile, nikaandika baki, nikamupa bic asaini. Alikuwa anaangalia chini. Ningeweza kumusamehe. Sikutaka.

Siku alipomaliza niliandika sufuri, nikamuandikia reçu ya deni yote. Akacheka kidogo, akapumua.

"Sasa, semeki," akaniambia, maana naye huniita hivyo, "nitaendelea kukaa kama lokateri wa kweli."

"Karibu. Leta garanti ya miezi tatu."

"Semeki, unajua sina."

Nilijua. Nikageuza kaye ili asome vizuri, na pembeni ya chumba cha tano nikaandika maneno yake mwenyewe: "Garanti hakuna. Atoke."