Laini ya Tano ya Mama Pétronille

Mama Pétronille alizaliwa Moba, akaolewa Kalemie, na kwa miaka ishirini na miwili amelea watoto watano kwa ndakala, wale dagaa wakavu anaowapeleka Kabalo kwa magunia. Shule aliiacha darasa la sita. Karatasi yenye muhuri hajawahi kuiacha popote.

Mwaka ule alikopa dola elfu moja mia mbili kwenye koperative: miezi kumi na miwili, dola mia za mtaji kila mwezi, na riba ya asilimia mbili ya deni lililobaki. Wifi yake Bertille alimdhamini kwa cherehani, chombo kinachompa ugali. Awamu nne zililipwa. Kisha uvuvi ukafungwa miezi mitatu ili samaki wazaane, na wauza samaki wakapewa mapumziko ya kulipa.

Mwisho wa Agosti, uvuvi ulipofunguliwa, alifika biro, ofisi ya koperative, na dola mia moja sabini, akiamini anadaiwa mia moja kumi na sita. Papa Adalbert, karani wa mikopo, akamwonyesha karatasi mpya: mia moja themanini na nane.

“Papa, mapumziko gani hayo yanayonenepa?”

“Kulipa kulipumzika, Mama, riba haikulala. Ulitia sahihi hapa. Ishirini na ine mara tatu, sabini na mbili, zote leo juu ya awamu. Usipotimiza, barua inaenda kwa Bertille.”

Sahihi ilikuwa yake. Akafungua ratiba yake ya kwanza ya malipo, kidole kikashuka mstari kwa mstari.

“Ishirini na ine njo laini ya kwanza, deni likiwa elfu moja mia mbili. Uvuvi ulifungwa nikibaki na mia nane. Laini ya tano inasema kumi na sita. Mia ine nilizorudisha, mulizitupa ziwani?”

Myriam wa kasha, mpokea fedha, akacheka. “Papa Adalbert, huyu mama akipewa kazi ya biro, wewe utauza ndakala!”

Adalbert hakucheka. Alilaza karatasi mbili sambamba. Deni lililovushwa, mia nane. Asilimia mbili, kumi na sita. Mara tatu, arobaini na nane. Riba yote, iliyokuwa mia moja hamsini na sita, sasa ni mia mbili na nne, wala si mia mbili ishirini na nane. Alikuwa amenakili laini ya kwanza kwa wanawake thelathini na mmoja.

“Nimekosea, Mama. Na si kwako peke yako.”

“Basi waite wenzangu leo, kabla hawajauza masufuria.”

Akalipa mia moja sitini na nne, akasubiri stakabadhi na ratiba iliyosahihishwa. Kwa Bertille alisimama mlangoni tu: “Shona, wifi, wasiwasi umeisha.” Kisha akateremka ufukweni. Miezi ambayo hakuuza hata samaki mmoja ilikuwa imemla dola arobaini na nane. Kwa sita zilizobaki, akaulizia bei ya nusu beseni ya ndakala.